PDF inayodanganya kimyakimya

Jamani, hizi PDF za kuskani! Ukurasa unaonekana safi kabisa, maandishi yanachagulika, yanakopika. Unatafuta "ng'ombe", unaambiwa hakuna, na ng'ombe unamwona pale mstari wa tatu! Kumbe unachokisoma ni picha. Maandishi yaliyofichwa nyuma yake yanasema "ngtombe". Aliyeskani aliacha programu isome Kiswahili kwa mipangilio ya Kiingereza.

Hilo angalau linajionyesha. Kinachoniudhi ni "kata" kugeuka "kaka": neno halali, kikagua tahajia kinalipitisha. Siku hizi sikubali faili kabla ya kutoa maandishi yake:

```
pdftotext faili.pdf - | less
```

Kisha nalinganisha na picha, majina na tarakimu kwanza, maana 1 hugeuka l. Kazi ya mtu mwingine hiyo, bwana!