Waliobaki nje ya hatua ya pili: wafungiwe au wasamehewe?

Msimamizi wa mfumo anapotangaza tarehe ya lazima ya kuingia kwa hatua mbili, wafanyakazi wengi hujisajili bila usumbufu. Ugumu huanza kwa wachache wasioweza kumaliza, na hapo ofisi nyingi hugawanyika. Wapo wanaosema tarehe ikifika kila asiyejisajili afungiwe, na wapo wanaosema asiyeweza aruhusiwe kuendelea na nenosiri pekee. Pande zote mbili zina hoja nzito, na kwa maoni yangu zote mbili hukosea pale zinapowachukulia wachache hao kana kwamba tatizo lao ni moja.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kuchakata sangara jijini Mwanza chenye akaunti 60 za Google Workspace. Wengi wa watumishi wake hukaa ofisini, lakini makarani wa mizani wako kwenye mialo ya Ukerewe na Ukara, ambako hupima samaki na kutuma kumbukumbu kwa kompyuta ya kituo. Msimamizi ameingia kwenye `Security`, kisha `Authentication`, kisha `2-step verification`, akaweka tarehe ya lazima mwezi mmodi mbele. Wiki ya mwisho inapoanza, ripoti ya watumiaji inaonyesha sita hawajajisajili: makarani wawili wenye kitochi, karani wa tatu ambaye namba za programu yake ya kuthibitisha hukataliwa, mtumishi aliye kwenye likizo ya uzazi, akaunti moja ya getini inayotumiwa na walinzi wa zamu zote, na meneja mmoja asiyetaka simu yake binafsi iingizwe katika mambo ya kazi.

Wanaotaka kufunga wana hoja ambayo haisemwi mara nyingi vya kutosha. Akaunti ambayo haijasajiliwa haina ulinzi wa hatua ya pili, na zaidi ya hapo iko wazi kusajiliwa na yeyote mwenye nenosiri lake. Mwizi aliyelipata nenosiri la karani anaweza kuingia, akaiandikisha simu yake mwenyewe kuwa hatua ya pili, na tangu hapo ulinzi uleule ukamlinda yeye dhidi ya mwenye akaunti. Kwa hiyo kila wiki inayoongezwa kwenye muda wa kujisajili ina gharama, hata kama hakuna anayeiona. Kwa kiwanda kinachouza minofu nje ya nchi hatari hiyo ina sura mahususi: barua pepe inayotoka kwenye akaunti halali, ikimwarifu mnunuzi kwamba malipo sasa yatumwe kwenye akaunti nyingine ya benki.

Upande wa pili nao hauzungumzi kwa kubembeleza tu. Karani aliyefungiwa alfajiri akiwa mwaloni hawezi kumsubiri msimamizi afike kazini, kwa sababu mzigo uko kwenye barafu na boti inaondoka. Atakachofanya ni kuomba nenosiri la mwenzake aliyekwisha kujisajili, pamoja na namba ya hatua ya pili, au kutuma kumbukumbu za kiwanda kwa barua pepe yake binafsi. Ufungaji wa namna hiyo huharibu kitu kilichokuwa kizima, yaani uhakika kwamba aliyeandika kumbukumbu ndiye mwenye jina lililo juu yake.

Ndiyo maana kila mmoja wa wale sita anastahili kuchunguzwa peke yake. Kitochi, kwa mfano, hakimzuii mtu kujisajili, maana namba ya uthibitisho inaweza kuja kwa ujumbe mfupi au kwa sauti ya kupigiwa. Kinachowazuia makarani wale wawili ni mambo mawili: mtandao unaopotea kisiwani, na uamuzi wa msimamizi ikiwa amechagua kukataza njia za ujumbe na sauti. Uamuzi huo una msingi, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa hila na ujumbe ukamfikia mwizi. Lakini akiukataza ujumbe bila kutoa kitu kingine, yeye mwenyewe ndiye aliyewatengeneza watu wasioweza. Njia ninayoiona bora ni kuwasajili wanapokuja Mwanza. Wapewe ufunguo wa usalama wa kuchomeka kwenye kompyuta ya kituo, au, kama fedha haitoshi, waruhusiwe ujumbe mfupi na waondoke na karatasi ya namba za akiba. Google hutoa namba 10 zenye tarakimu 8 kila moja, na kila namba hutumika mara moja tu. Karatasi hiyo haihitaji mtandao wa simu wala chaji.

Karani wa tatu ana tatizo ambalo wengi hulidhania kuwa uzembe. Programu ya kuthibitisha hutengeneza namba mpya ya tarakimu 6 kila sekunde 30 kutokana na saa ya simu na siri iliyohifadhiwa humo, tena bila intaneti. Simu ikiwa na saa isiyo sahihi, namba zake zote hukataliwa ingawa kwenye skrini zinaonekana za kawaida. Hila iko kwenye kanda ya saa. Simu iliyowekwa saa za Kigali, kisha ikasogezwa mbele kwa mkono ili ifanane na saa ya ukutani Nansio, huonekana sahihi machoni lakini kwa hesabu ya programu imekosea saa nzima. Dalili yake ni kwamba kila namba hukataliwa, huku njia ya ujumbe ikifanya kazi vizuri. Akirudisha tarehe na kanda ya saa kwenye mpangilio wa kujiweka zenyewe, usajili hukamilika palepale.

Aliye likizoni hana haja ya msamaha wowote. Akaunti yake isimamishwe kwa muda, naye ajisajili siku ya kurudi. Ya getini si ya mtu, na haitakuwa salama kwa namna yoyote hadi kila mlinzi apewe yake.

Baada ya uchunguzi huo, kundi la msamaha, yaani kundi ambalo sharti la lazima limezimwa kwa wanachama wake, linabaki na kazi ndogo na halali: kumshikilia karani ambaye hawezi kufika mjini kabla ya tarehe. Mpangilio wa kundi hushinda ule wa idara, hivyo ni rahisi kumwingiza mtu humo, na ni rahisi vilevile kumsahau. Kila jina liandikwe pamoja na sababu na siku ya kutoka, na nenosiri libadilishwe siku ya kuingizwa. Anayepiga simu akidai amepoteza laini na anataka namba ya akiba asisomewe chochote hapohapo. Msimamizi ampigie kwa namba iliyo kwenye faili la utumishi, na laini hiyo ikiwa ndiyo iliyopotea, ampigie mkuu wa kituo anayemwona mtu huyo kwa macho.

Meneja abaki nje ya kundi hilo, hata kama ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote sita, kwa sababu akaunti yake ndiyo inayoidhinisha malipo. Hoja yake kuhusu simu binafsi hata hivyo ni ya haki, na kumjibu kwamba programu haisomi ujumbe wala picha zake hakuondoi ukweli kwamba kifaa ni mali yake. Kiwanda kimnunulie ufunguo wa usalama, na tarehe yake isisogezwe.