Mada nne kati ya sita si ushahidi

Msimu wa mitihani ukikaribia, kwenye maduka ya fotokopi ya Malimbe na Nyegezi, jijini Mwanza, huwa hakukosekani karatasi yenye orodha ya mada "zinazotoka". Sifa yake hutangulia: mwaka jana ilipata mada nne kati ya sita. Mwanafunzi aliyebakiwa na siku tano na rundo la madesa akisikia hivyo anafunga vitabu vingine vyote. Kwa maoni yangu sifa hiyo haina uzito wowote, na anayetaka kubeti mada zake apige kwanza hesabu ndogo ambayo wauza orodha hawaipigi.

Tuchukue kozi ya mfano, ikolojia na uvuvi wa Ziwa Victoria. Silabasi ina mada 10. Mhadhiri anatunga maswali 6, kila moja kutoka mada yake, na mwanafunzi anachagua 4 ya kujibu. Sasa mpe mtu ambaye hajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa kozi hiyo achague mada 6 huku amefumba macho. Kuna njia 210 za kuchagua mada 6 kati ya 10, na katika 115 kati ya hizo atakuwa amepata mada nne au zaidi. Hiyo ni asilimia 55. Yule aliyefumba macho atajisifu kwa "nne kati ya sita" zaidi ya nusu ya nyakati, bila kujua chochote! Kupata tano au zaidi ndiko kugumu: njia 25 tu kati ya 210, yaani asilimia 12. Hata hapo kumbuka kwamba orodha zikizunguka kumi, mojawapo ina nafasi nzuri ya kupata tano kwa bahati, na hiyo ndiyo itakayosimuliwa mwaka ujao. Zile tisa zitasahauliwa.

Hesabu hiyohiyo ina faida kwa msomaji mwenyewe. Katika kozi hii, ukisoma mada 5 kwa kubahatisha, uwezekano wa kukutana na angalau maswali manne unayoyaweza ni asilimia 26. Ukisoma 6 ni 55, ukisoma 7 ni 83, na ukisoma 8 ni 100. Sababu ni kwamba karatasi ina maswali mawili ya ziada kuliko unayotakiwa kujibu, kwa hiyo mada mbili ulizoacha zikitoka zote, manne bado ni yako. Mada mbili za nyongeza, kutoka 5 hadi 7, zinakupandisha kutoka robo hadi zaidi ya robo tatu. Sioni orodha ya dukani itakayokupa kiasi hicho.

Lakini soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza wa mitihani iliyopita kabla ya kuamini hayo. Kama swali la kwanza ni la lazima na lina vipengele vifupi kutoka kila mada, mada ulizoziacha zinakukata alama hata kama mengine yote yalikwenda vizuri. Na kama mhadhiri huunganisha mada mbili katika swali moja, mada moja uliyoiacha inaweza kukuharibia maswali mawili. Hapo kanuni ya mada 8 haishiki tena.

Je, tunaweza kubashiri vizuri kuliko aliyefumba macho? Tunaweza, kwa kiasi, na dalili yenye nguvu kuliko zote ni saa za kufundisha. Tuseme kozi ina saa 45, sangara na mabadiliko ya samaki wa ziwa imepewa saa 8, na historia ya vipimo vya kina cha maji imepewa saa 2. Maswali 6 yakigawanywa kwa uwiano wa saa, sangara inastahili takriban swali moja zima, na ile nyingine kama robo ya swali. Anayeacha mada mbili aache za aina hiyo ya pili. Ila hesabu saa zilizofundishwa kweli, si zile za kwenye silabasi. Mada ya saa 6 iliyoishia kwenye kipindi kimoja kwa sababu ya sikukuu na ratiba kubanana mara nyingi huonekana kwenye madesa yenyewe: kurasa mbili, hakuna mchoro, hakuna mfano.

Kutoka mada hadi swali lenyewe, uhakika unashuka sana. Chukua gugumaji. Tuseme silabasi inasema mwanafunzi ataweza "kulinganisha mbinu za kudhibiti gugumaji", na madesa yana jedwali la mbinu tatu: kung'oa kwa mikono, kuvuna kwa mashine, na kuachia fukusi wanaokula majani yake, walioletwa ziwani miaka ya 1990. Kitenzi "kulinganisha" na jedwali vikikutana, ninaamini swali la ulinganisho lina nafasi kubwa kuliko swali la "taja na eleza". Kwa hiyo andaa vigezo vya kulinganishia: gharama, kasi, athari kwa mwalo na wavuvi, na kwa nini fukusi hufanya kazi polepole. Lakini swali linaweza kugeuka na kuuliza kwa nini gugumaji hurudi baada ya kuvunwa. Jibu la hilo liko kwenye nitrojeni na fosforasi zinazoingia ziwani kutoka mashambani na mijini, na kwenye mbegu zinazokaa miaka mingi ndani ya tope. Aliyekariri jedwali peke yake atakwama hapo. Ndiyo maana ninashauri kubashiri umbo la swali, na kuachana kabisa na kubashiri maneno yake. Anayekuambia maneno kamili ya swali ama anabahatisha ama ameuona mtihani, na la pili ni udanganyifu.

Kuna kosa moja linalonisikitisha kwa sababu wanaolifanya ni wanafunzi wenye bidii. Husema: mada hii haijatoka miaka mitatu, safari hii lazima itoke. Mada haina foleni kama ya daladala. Ikiwa haijatoka miaka mitatu, maelezo ya kawaida ni kwamba mhadhiri haipendi au haifundishi kwa kina. Na akibadilika mhadhiri, mitihani ya nyuma inapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Hapo baki na silabasi, testi na asaimenti za muhula huu.

Ubashiri wako unaweza kupimwa kabla haujakugharimu. Ficha mtihani wa mwaka jana, tumia silabasi na mitihani ya kabla yake, andika mada 6, kisha fungua uhesabu. Rudia kwa miaka mitatu, jumla ya maswali 18. Aliyefumba macho atapata wastani wa 10 au 11, kwa hiyo 11 zako hazisemi lolote. Ukifikisha 15, bahati peke yake ingekufikisha hapo takriban mara 3 tu katika majaribio 1,000. Andika kila ubashiri kwa kalamu kabla ya kufungua, tena kwa ufinyu: "gugumaji, ulinganisho wa mbinu" ni ubashiri unaoweza kukosea, ilhali "mazingira ya ziwa" hauwezi kukosea katika kozi hii, kwa hiyo usiuhesabu.