Mlima Usipakwe Rangi ya Anga

Mwanzoni mwa mwaka huu nililetewa kalenda ya ukutani iliyochapishwa na kampuni moja ya utalii, ambayo ukurasa wake wa kwanza una picha ya Kilimanjaro iliyopigwa asubuhi kutoka upande wa Moshi. Anga limekolezwa buluu kwa nguvu, jambo ambalo ningeweza kulivumilia, lakini Kibo nacho kimekolezwa pamoja nalo. Miteremko yake imekuwa kama imelowekwa kwenye wino, vivuli vilivyo ndani ya theluji vimegeuka buluu nzito, na juu kidogo ya mlima umebaki ukanda mweupe wenye mpaka mkali, pale ambapo rangi mpya ilikatika ghafla. Mhariri alikusudia kubadilisha anga peke yake, na kwa kuitazama kazi yake ni dhahiri kwamba aliiambia programu ishike kila kilicho cha buluu, kisha akavuta kitelezi. Iliniuma, kwa sababu mlima ule maelfu ya watu huuona kila alfajiri inapokuwa wazi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona ukiwa na rangi hiyo.

Programu haikukosea kitu. Kati ya Moshi na kilele cha Kibo kuna kama kilomita 30 za hewa, na hewa hiyo hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, sawasawa na inavyofanya hewa iliyo juu ya vichwa vyetu. Buluu tunayoiona kwenye miteremko ya mbali ni mwanga wa hewa iliyo mbele ya mlima, si rangi ya mawe wala ya msitu. Vivuli vya theluji navyo ni vya buluu kwa kuwa jua halivifikii na kinachoviangazia ni anga lenyewe. Kwa hiyo anayetenga anga kwa kigezo cha rangi peke yake anaomba kitu kisichowezekana, kwa sababu vitu hivyo vitatu vina asili moja ya rangi.

Nina picha yangu ya mlima huohuo, iliyopigwa kutoka upande huohuo, na nimeipima kwa kifaa cha kuchukulia rangi ndani ya programu ya kuhariri picha ya GIMP. Juu kabisa anga liko kwenye digrii 215 za duara la rangi, na ukolevu wake ni asilimia 63. Nikishuka kuelekea mlimani, digrii hazibadiliki sana, lakini ukolevu unapungua hadi kufikia asilimia 12 karibu na mgongo wa mlima. Miteremko yenyewe iko kwenye digrii 216, yaani tofauti ya digrii moja tu na anga, na ukolevu wake ni asilimia 28. Vivuli vya theluji viko kwenye digrii 216 vilevile, vikiwa na ukolevu wa asilimia 16. Ukitazama tarakimu hizo utaona mara moja kwamba maski ya rangi, yaani ramani ya nyeusi na nyeupe inayoamua badiliko liguse wapi, hata iwe imebanwa kiasi gani, itaumeza mlima mzima.

Jambo ninalotaka kulisema kwa uzito ni kuhusu sehemu ile ya chini ya anga, iliyofifia, kwa sababu ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko mlima. Mafunzo mengi ninayoyaona mtandaoni hufundisha watu kuchagua wigo wa rangi na kuishia hapo, kana kwamba digrii za rangi ni kipimo cha kuaminika popote kwenye picha. Si cha kuaminika. Digrii hizo hukokotolewa kutokana na tofauti kati ya nyekundu, kijani na buluu za pikseli, na tofauti hizo zikiwa ndogo, kelele kidogo tu ya kihisio cha kamera hulipeleka jibu mbali. Chukua pikseli ya juu yenye thamani 70, 120 na 190. Ukiiongezea nyekundu 3, rangi inasogea kwa digrii moja hivi, na hakuna jicho litakalojua. Sasa chukua pikseli ya anga iliyofifia karibu kuwa nyeupe, yenye 228, 230 na 233, ambayo nayo ni ya digrii 216. Ongeza nyekundu 3 zilezile na inaruka hadi digrii 260, kwenye zambarau. Acha nyekundu ilivyo na uongeze kijani 3, inaangukia digrii 180, ambako buluu na kijani hukutana. Kwa macho yetu zote tatu ni nyeupe yenye ubaridi kidogo, lakini kwa maski ya rangi moja ni anga na mbili si anga. Hiyo ndiyo sababu maski ya namna hiyo, ukiitazama peke yake kwa nyeusi na nyeupe, inaonekana imejaa chembechembe kama mchanga karibu na upeo, na rangi mpya ikishapakwa juu yake inatokea madoadoa. Wengine huyakwepa madoadoa hayo kwa kukata maski mapema zaidi, na ndipo hutokea ule ukanda mweupe wa kwenye kalenda.

Dawa yake ni kuuacha ukolevu wenyewe uamue maski iwe na nguvu kiasi gani. Pale rangi ilipokolea, maski iwe nyeupe kabisa. Pale inapofifia, maski nayo ififie polepole. Na pale ukolevu unapokuwa mdogo kiasi kwamba digrii za rangi hazina maana tena, maski iwe nyeusi. Kwenye GIMP ninafungua picha iliyotoka kwenye faili ghafi la kamera, ninahakikisha iko kwenye biti 16, kisha ninapita `Colors → Components → Decompose` na kuchagua `HSV`. Ninapata matabaka matatu ya kijivu: la rangi, la ukolevu na la mwangaza. Kwenye tabaka la rangi, digrii 0 hadi 360 zimebanwa kuwa 0 hadi 255, kwa hiyo digrii 195 hadi 230 zinakuwa takriban 138 hadi 163. Kwa `Curves` ninatengeneza kilima kinachopanda na kushuka taratibu pande zote mbili za wigo huo. Kwenye tabaka la ukolevu ninaweka mstari ulio chini kabisa hadi asilimia 8, unaopanda taratibu mpaka kufika juu kwenye asilimia 25. Anga lenye ukolevu wa asilimia 12 linapata kama robo ya mabadiliko, na sehemu za juu zinapata yote, bila mpaka wowote kuonekana katikati.

Mlima bado haujatoka, kwa sababu ukolevu wake wa asilimia 28 umeangukia katikati ya ukolevu wa anga la juu na wa anga la chini. Hapa tabaka la tatu linaingia. Miteremko ina mwangaza wa kama asilimia 45, wakati hakuna sehemu ya anga iliyo chini ya 70, kwa hiyo ninaweka mstari wa mwangaza uanze kupanda kwenye asilimia 52 na kufika juu kwenye 65. Kisha ninabadilisha matabaka mawili ya juu kuwa `Multiply`, ninanakili matokeo kwa `Copy Visible`, na kuyabandika kama maski ya nakala ya picha. Vivuli vya theluji haviondoki kwa njia hiyo, kwa kuwa vina mwangaza wa asilimia 80 na ukolevu unaofanana sana na wa anga lililo nyuma yake. Hakuna hesabu ya rangi itakayovitenganisha, na mtu asipoteze saa nzima akisogeza vitelezi. Vinafutwa kwenye maski kwa brashi laini nyeusi, kwa mkono, na kazi hiyo ni fupi.

Najua wapo watakaosema kwamba kama brashi ni lazima, basi ni heri kuuzungushia mlima mstari kwa mkono tangu mwanzo. Kwa Kibo peke yake nitakubali kwamba mstari unatosha, maana mgongo wake ni laini. Lakini mstari huo unalipatia anga la chini nguvu sawa na la juu, na mgunga au mgrevilea wowote ukisimama mbele, hakuna mkono utakaozunguka kila jani.

Kwenye majani hayo ndipo faili la JPEG linapojifichua. Aina nyingi za JPEG, zikiwemo picha zilizopitia WhatsApp, huhifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, huku mwangaza ukibaki kamili. Matokeo yake ni kwamba buluu ya anga inamwagikia pembeni mwa tawi, na kijani cha tawi kinaingia angani, kwa hiyo maski haikai sawasawa na ukingo unaouona. Kulainisha maski kwa pikseli moja au mbili kunasaidia, lakini kinachosaidia zaidi ni kutogusa mwangaza kabisa. Jicho husamehe kosa la rangi kwenye ukingo wa jani. Kosa la mwangaza linageuka uzi mweupe unaolizunguka kila tawi. Kwenye `Hue-Saturation` ninashusha `Hue` kwa digrii 8 ili kuondoa uzambarau ambao kamera yangu huutia angani, ninapandisha `Saturation` hadi 10, na `Lightness` inabaki sifuri.

Wakati wa kujenga maski, hata hivyo, siachi `Hue` kwenye nane. Ninaisukuma mpaka anga liwe la waridi kali, kwa sababu buluu iliyopakwa juu ya buluu humficha mhariri makosa yake, na waridi haifichi chochote. Doa lolote kwenye theluji, uzi wowote kwenye mgongo wa mlima, utaonekana papo hapo. Baada ya kusafisha ndipo ninarudisha kipimo ninachokitaka.

Huwa ninaombwa pia kuigeuza picha ya mchana kuwa ya machweo kwa njia hii, na ninakataa. Kubadilisha digrii za rangi hakubadilishi mpangilio wa ukolevu. Anga la mchana limekolea juu na kufifia karibu na upeo, ilhali machweo hukolea chini, karibu na jua, na kupoa kadiri unavyopanda juu. Ukiigeuza buluu ya mchana kuwa chungwa utapata chungwa zito utosini mwa anga na weupe kwenye upeo, kinyume kabisa cha machweo ya kweli. Isitoshe, vivuli vya theluji ulivyovilinda kwa brashi vitabaki vya buluu chini ya anga ambalo halina tena buluu ya kuviangazia. Kwa badiliko la digrii nane jambo hilo halina athari. Kwa badiliko la digrii 170, ambalo ndilo linalohitajika kufika kwenye chungwa, theluji inaikanusha picha nzima, na mteja anayetaka machweo ya Kibo ninamwambia asubiri saa kumi na mbili jioni.