Mwalimu, mikopo hii aliidhinisha nani?

Mwaka jana chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Pemba kilinipa rasimu ya "Neno la Mwenyekiti" niisome kabla ripoti ya mwaka haijapelekwa kuchapishwa. Neno "mafanikio" nililihesabu mara tisa. Kuhusu marejesho palikuwa na sentensi moja tu, karibu na shukrani: "Pamoja na mafanikio hayo, kulijitokeza changamoto ya ucheleweshwaji wa marejesho."

Sentensi hiyo ndiyo inayoharibu dibaji nyingi kwetu. Jambo "lililojitokeza" halina aliyelifanya, na "changamoto" siku hizi inabeba kila kitu, kuanzia mvua mpaka uzembe. Tena hesabu zilizokaguliwa zilikuwa kurasa chache mbele, ndani ya ripoti ileile: mikopo 38 kati ya 150 ilikuwa imepitisha siku 90 bila ya kulipwa. Ni robo nzima! Mwanachama akizifikia, majigambo ya mwanzo hayaamini tena.

Nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake. Ni mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, mikopo hii aliidhinisha nani?"

"Bodi."

"Mlitegemea wakopaji walipe kwa kitu gani?"

Alinyamaza kidogo. "Karafuu. Tulidhani msimu utakuja kama ule uliopita."

Kila Mpemba anajua mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka wa pili huweza kukupa kidogo mno. Nikamwambia, basi tuandike hivyo hivyo. Aya ya pili, mara baada ya salamu, ikawa hii:

"Mikopo 38 kati ya 150 imepitisha siku 90 bila ya kulipwa. Bodi ninayoiongoza ndiyo iliyoiidhinisha, kwa kutegemea karafuu, bila ya kumuuliza mkopaji atalipa vipi msimu ukiwa mdogo. Kosa hilo ni letu. Tangu Januari hatupitishi mkopo bila ya mwombaji kuonesha kipato cha pili, na mwezi wa Juni tutawaeleza mingapi kati ya hiyo 38 imelipwa."

Idadi ni ileile ya mkaguzi, mtendaji anatajwa, na ahadi ina mwezi wake, kwa hiyo mwanachama anaweza kuidai.

Mwalimu alitaka kuongeza jina la afisa mikopo. Nilikataa, kwa sababu afisa alipendekeza tu, walioamua ni bodi. Kumtaja ni kumtupia mzigo mtu asiye na ukurasa wa kujibia. Nikakataa pia aombe radhi kwa uchache wa karafuu, maana si yeye anayeizalisha. Mafanikio tulibakisha moja, ongezeko la wanachama, likaandikwa kwa idadi yake na kwa shukrani kwa matawi yaliyowaandikisha.

Kwenye mkutano mkuu aliisoma aya ile kwa sauti, taratibu. Bibi mmoja wa safu ya mbele akasimama: "Hiyo habari ya Juni, mtatuita au mtaibandika ubaoni?"

"Tutakuiteni," alijibu Mwalimu, na katibu akaiandika kwenye muhtasari.