Mzazi Mzima, Mtoto Hatarini: Kisa cha Saratani ya Jicho Inayorithiwa

"Baba yetu aling'olewa jicho moja kwa saratani akiwa mtoto. Kaka yangu ana macho mazima, lakini mwanawe amepatikana na saratani hiyo katika macho yote mawili. Mimi pia ni mzima. Mbona basi mtoto wangu wa wiki tatu naye aambiwe akachunguzwe?" Ndivyo alivyouliza mama mmoja wa Kisumu.

Saratani hiyo ni retinoblastoma. Nchini Kenya humpata takriban mtoto 1 kati ya 17,000 wanaozaliwa, na ile inayorithiwa hutokana na hitilafu katika jeni ya RB1 iliyo kwenye kromosomu ya 13. Hitilafu hiyo ni tawala, maana yake nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumweka mtoto hatarini. Hapo ndipo watu wengi hukata shauri haraka: kama ni tawala, mwenye nayo angeugua, kaka hakuugua, kwa hiyo ugonjwa umeruka kizazi. Lakini hakuna kilichoruka. Kaka amesimama kati ya baba aliyeugua na mtoto anayeugua, na isipokuwa kwa sadfa adimu mno, jeni ilipitia kwake.

Kinachorithiwa si uvimbe, bali ni upungufu. Kila seli ya mtoto huyo huanza maisha ikiwa na nakala moja tu ya RB1 inayofanya kazi. Uvimbe huanza pale seli changa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ingali inagawanyika, inapoipoteza na hiyo nakala ya pili, na tukio hilo ni la kubahatisha. Mwaka 1971 daktari Alfred Knudson alikadiria kwamba mtoto aliyerithi nakala mbovu hupata vivimbe 3 kwa wastani. Wastani una pande mbili: wapo watakaopata vitano, wapo watakaopata kimoja, na kwa hesabu ya kubahatisha, watoto wapatao 5 katika kila 100 hawatapata hata kimoja. Hao watano ni wabebaji wasio na dalili yoyote. Wale 95 waliobaki ndio kipimo cha kile wataalamu wa jeni wanachokiita penetransi, yaani sehemu ya wabebaji ambao jeni hujidhihirisha kwao kwa namna yoyote ile.

Namna yenyewe ya kujidhihirisha ni jambo la pili, nalo huitwa ekspresiviti. Katika familia hii babu aliugua jicho moja na mjukuu mawili, ilhali wote wana hitilafu ileile, herufi kwa herufi. Wengine huwa na retinoma, uvimbe mdogo usio saratani ambao hauumi wala haupunguzi uwezo wa kuona, na ambao huonekana tu daktari anapopanua mboni kwa dawa na kutazama nyuma ya jicho. Ndiyo maana neno "mzima", kwa mtu ambaye retina yake haijawahi kutazamwa, halina uzito mkubwa.

Upande unaosema mtoto aachwe una hoja, na si hoja ya ujinga. Watoto wengi wenye retinoblastoma ya kurithika ndio wa kwanza katika ukoo wao, kwa sababu hitilafu ilianza kwao. Wazazi wao ni wazima kikweli, na kuwaita wabebaji ni kuwabebesha hofu isiyo yao. Pia kuchunguzwa hakuishi kwa siku moja. Mtoto aliye hatarini hurudishwa kliniki mara nyingi katika mwaka wa kwanza, na kwa nafasi ndefu zaidi kwa miaka kadhaa baadaye, na akishapita miezi ya mwanzo mara nyingi hulazwa usingizi wa dawa ili atulie. Familia ya Vihiga au Siaya hulipa nauli, siku za kazi na wasiwasi, huku uwezekano mkubwa ukiwa kwamba hakutaonekana kitu.

Mkubwa kiasi gani? Hesabu yake ni fupi. Mama huyu alipozaliwa, alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni ya baba yake. Tukichukulia penetransi ya asilimia 90, katika kila watoto 20 wa mzazi kama baba huyo, 10 hawana jeni, 9 wanayo na wameugua, na 1 anayo bila kuugua. Tukiwaondoa waliougua, wanabaki 11 wazima, na mbebaji kati yao ni mmoja. Mama huyu ni mmoja wa wazima hao 11, kwa hiyo mwanawe ana nafasi 1 kati ya 22 ya kuirithi, na takriban asilimia 4 ya kuugua.

Sasa tushushe penetransi hadi asilimia 40, kiwango kinachowezekana pale hitilafu inapoacha protini inayotokana na RB1 ikifanya kazi kidogo. Kati ya watoto 20, wasio na jeni ni 10, walio nayo na kuugua ni 4, na walio nayo bila kuugua ni 6. Wazima ni 16, na 6 kati yao ni wabebaji. Hatari ya mtoto wa mama huyu kuugua inapanda hadi asilimia 7.5. Jeni iliyo pole zaidi inamweka mtoto wa mzazi mzima katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa uzima wa mzazi sasa hauthibitishi mengi. Nimewaona hata watu wenye elimu ya kutosha wakilikataa jambo hili mara ya kwanza. Hatari hufikia kilele karibu na penetransi ya asilimia 60, ambapo ni kama asilimia 8.6, na haivuki hapo. Anayesema "asilimia 8 ni ndogo" ana haki yake, ila akumbuke kwamba ni mtoto 1 kati ya 12, akilinganishwa na 1 kati ya 17,000.

Familia hii iko wapi kati ya viwango hivyo? Wataalamu huhesabu macho yaliyougua na kuyagawa kwa idadi ya wabebaji. Babu ana 1, kaka 0, mtoto wa kaka 2: macho 3 kwa wabebaji 3, yaani 1. Familia zenye penetransi kamili kwa kawaida hufikia 1.5 au zaidi, na zile za penetransi ya chini huwa chini ya 1. Watu watatu ni wachache mno kutoa hukumu, na tena tumeijua familia hii kwa sababu ya mgonjwa, kwa hiyo hesabu imeegemea upande wa ugonjwa. Hata hivyo, kaka asiye na dalili hatupi sababu ya kutulia. Anatusogeza kuelekea ile hesabu ya pili.

Kwa hiyo naona mtoto apelekwe, na apelekwe sasa: akiwa na wiki tatu anaweza kufungwa shuka, kutiwa matone ya kupanua mboni na kutazamwa bila usingizi wa dawa. Mama naye atazamwe retina siku hiyohiyo. Ikionekana retinoma, yeye ni mbebaji na mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu. Isipoonekana, hatari inapungua kidogo tu. Kinachoweza kuwaondolea safari za kliniki ni damu, nayo ianzie kwa mtoto wa kaka, si kwa mama huyu, kwa sababu maabara inahitaji kwanza kujua ni herufi gani ya RB1 iliyoharibika katika ukoo huu. Ikishajulikana na isipatikane kwa mama, mtoto wake hana haja ya kurudi tena kwa ajili hiyo.