Zaka bila laana: mahubiri ya utoaji mbele ya muumini asiye na kitu

"Mchungaji akiacha kutaja laana ya Malaki, nani atatoa?" Swali hili huulizwa sana na wazee wa kanisa, hasa mweka hazina anapoeleza kwamba bili ya umeme haijalipwa na mhudumu hajapata posho.

Wanaouliza wana hoja. Kanisa halina mfuko mwingine zaidi ya waumini wake, na mchungaji anayeona haya kutaja fedha mara nyingi huishia kuwategemea matajiri wawili watatu, ambao baadaye humwamulia cha kuhubiri. Ipo na hoja ya pili, yenye uzito zaidi. Kumwambia maskini "wewe usitoe" ni kumweka nje ya ibada, kana kwamba yeye ni wa kupokea tu. Makanisa ya Makedonia yalitoa katika umaskini mkubwa, na Paulo anayasifu katika 2 Wakorintho 8.

Ila sura hiyohiyo isomwe kwa utulivu. Katika mstari wa 4, Wamakedonia ndio waliomsihi Paulo awaruhusu kushiriki. Maskini aliomba nafasi ya kutoa, naye mtume hakumfuata na bahasha. Kisha katika mstari wa 12 Paulo anaweka kipimo: utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Mahubiri mengi huchukua mfano wa Wamakedonia na kukiacha kipimo hicho, na hapo ndipo muumini mnyonge anapobanwa.

Tuje kwa Malaki mwenyewe. Sura ya 3 mstari wa 10, unaoagiza zaka kamili iletwe ghalani, husomwa pamoja na ule wa 9 unaotaja laana, halafu msikilizaji huambiwa kwamba ugonjwa wa mtoto wake au kazi aliyoipoteza ni matokeo ya zaka aliyoizuia. Lakini kitabu hicho kimeitaja laana mapema zaidi. Katika 1:14 inamwangukia mtu mwenye dume zima kundini mwake anayemtolea Mungu mnyama mwenye kasoro. Katika 2:2 inaelekezwa kwa makuhani. Na 3:5, mistari michache tu kabla ya ile maarufu, inawashitaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Anayehojiwa katika Malaki ni mtu aliyenacho anayeficha, na kiongozi anayelinyamazia jambo hilo. Kumgeuzia maneno hayo mjane aliyekaa kiti cha nyuma ni kumhukumu kwa kosa ambalo nabii aliwasomea wengine.

Hata ghala linalotajwa lina kazi yake: "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Zaka ya sheria ilikuwa nafaka, matunda na mifugo. Nehemia 13 inaonyesha kilichotokea ilipokosekana: Walawi na waimbaji walikimbilia mashambani kutafuta riziki. Hivyo anayedai kwamba zaka ililisha watumishi hakosei. Lakini Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iwekwe mijini, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Maskini ametajwa kati ya wanaokula zaka. Mhubiri anayedai zaka kamili bila kuonyesha ni sehemu gani inayomrudia mjane amehubiri nusu ya sheria.

Nakaa kidogo kwenye sehemu moja ya kumi, kwa sababu inatajwa kana kwamba ni sawa kwa kila mtu. Chukua nyumba mbili. Ya kwanza inapata mia kwa mwezi, na chakula, pango na karo vinamaliza tisini na tano. Ya pili inapata elfu moja na inaishi vizuri kwa mia nne. Zote zikitoa fungu la kumi, ya kwanza inabaki na tisini, na ile pengo ya tano lazima itoke mahali: mlo unaorukwa, dawa isiyonunuliwa, au mkopo wenye riba. Ya pili inabaki na mia tisa, na baada ya matumizi yote bado ina mia tano. Kiwango ni kimoja, lakini nyumba moja imetoa ziada na nyingine imetoa chakula cha watoto. Torati yenyewe ililijua jambo hili kwenye dhabihu: asiyeweza mwana-kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hao, katika Walawi 5:11, alileta unga. Luka 2:24 inaonyesha kwamba Mariamu na Yusufu walitoa sadaka ya ndege, na hakuna aliyewaambia imani yao ni ndogo.

Kuna wanaojibu kwa kisa cha mjane wa Marko 12, aliyetia sarafu mbili ndogo, zote alizokuwa nazo. Ni kweli Yesu anakipima alichotoa kuwa zaidi ya vya matajiri, na sifa hiyo isipunguzwe. Lakini mstari wa 40, kabla tu ya kisa hicho, unawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Na sura inayofuata inaanza kwa Yesu kusema kwamba mawe ya hekalu hilo yatabomolewa. Hakuna mahali anapowaagiza wanafunzi wawatake wajane watie vyote. Alimwona mjane, akawaonyesha wengine moyo wake. Mhubiri anayesimama mbele ya wajane na kuwataka senti ya mwisho yuko karibu zaidi na wale wa mstari wa 40.

Basi mahubiri yenyewe yaendeje? Yaanze na taarifa ya matumizi: kilichopatikana, kilichotumika, na kilichowafikia wahitaji. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijilinda na lawama juu ya changizo. Kisha mhubiri aseme wazi, kwa sauti ileile anayosomea Malaki, kwamba anayedaiwa pango au asiye na chakula cha wiki alishe nyumba yake kwanza, na kwamba hatakuwa mwizi kwa Mungu. Ana msingi: katika Marko 7 Yesu anawakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada, na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Maneno makali ayaelekeze kwa wenye nacho, hasa waajiri walioketi mbele ambao hawajalipa vibarua wao.

Namna ya kukusanya nayo ni sehemu ya mahubiri. Kuwasimamisha "wenye elfu kumi", halafu wenye elfu tano, hadi abaki ameketi yule asiye na kitu, kunafuta kila neno jema lililotangulia. Ndivyo ilivyo pia kusoma majina ya waliotoa, au kuleta ushuhuda wa aliyepanda mbegu akapata gari huku waliopanda na kukosa hawaitwi. Chombo kimoja mlangoni na bahasha isiyo na jina vinatosha.

Mapato yanaweza kushuka miezi ya kwanza, na wazee waambiwe hivyo mapema. Kilichokuwa kikiingia kwa hofu kitapungua. Hapo kanisa litalazimika kuchagua kati ya kupunguza matumizi, kuanzia na vyombo vya muziki na sherehe, au kurudi kwa yule mjane na kumtisha tena.