Mauzo ya Kalemie na maharage ya Kasulu: safu moja au mbili?

"Mzigo ninaopeleka Kalemie, Kongo, kodi yake ni sifuri, na maharage ya Kasulu nayo hayana kodi. Kwa nini mhasibu ananilazimisha niwe na safu mbili wakati jibu la zote ni sifuri?" Ameuliza mfanyabiashara wa jumla wa Mwanga, Kigoma, aliyesajiliwa VAT.

Hoja yake ina uzito, na wahasibu wengi huipuuza haraka mno. Ukitazama kodi ya mauzo peke yake, yuko sahihi kabisa: saruji na mabati yanayouzwa mjini yanabeba asilimia 18, mengine yote hayaongezi hata shilingi. Ukiwa na safu mbili tu, "yenye kodi" na "yasiyo na kodi", kodi ya kukusanya inatoka ile ile. Na kazi ya safu ya tatu haifanywi na mhasibu ofisini, inafanywa na kijana wa kaunta mwenye foleni mbele yake. Kila uamuzi unaomwongezea ni nafasi nyingine ya kukosea.

Tofauti inaonekana upande wa pili wa ritani, kwenye kodi ya manunuzi. Mauzo ya kiwango cha sifuri ni mauzo yanayotozwa kodi, ila kiwango chake ni 0, kwa hiyo kodi uliyolipa wakati wa kununua mzigo huo unaidai. Mauzo yenye msamaha yako nje ya kodi, na kodi uliyolipa kwa ajili yake inabaki kuwa gharama yako.

Tuchukue mwezi mmoja wa duka la namna hiyo. Daftari linaonyesha saruji na mabati ya mjini shilingi milioni 59, kodi ikiwa ndani. Hapa ugawe vizuri: kodi ni 59 × 18 ÷ 118, yaani milioni 9, na thamani bila kodi ni milioni 50. Anayezidisha milioni 59 kwa asilimia 18 anapata milioni 10.62 na kujilipisha zaidi ya milioni moja na nusu bila sababu. Sabuni na saruji zilizopakiwa bandarini kwenda Kalemie ni milioni 30. Mahindi ya punje na maharage ni milioni 20. Jumla bila kodi ni milioni 100.

Kwenye manunuzi, mzigo wa kuuza mjini ulibeba kodi ya milioni 7.56, na mzigo wa Kongo milioni 4.5. Mahindi na maharage yalinunuliwa bila kodi. Kuna pia gharama zinazohudumia biashara nzima, kama pango la ghala, umeme na ulinzi, zenye kodi ya milioni 1.8. Hizi hugawanywa kwa uwiano wa mauzo yanayotozwa kodi, ya sifuri yakiwemo, kwa mauzo yote. Hapa uwiano ni 80 kwa 100, hivyo anadai milioni 1.44. Kodi ya manunuzi inayodaiwa inafika milioni 13.5. Ukiitoa kwenye milioni 9 za mauzo, amebaki na dai la milioni 4.5.

Sasa aweke Kalemie na maharage safu moja, na safu hiyo iingie kwenye ritani kama msamaha. Uwiano unashuka hadi 50 kwa 100, na kodi ya mzigo wa Kongo haidaiwi tena. Anabaki na 7.56 na 0.9, jumla milioni 8.46, na badala ya kudai milioni 4.5 anatakiwa kulipa shilingi 540,000. Amejinyima milioni 5.04 kwa mwezi mmoja. Akiiingiza safu hiyo yote kama sifuri, kosa linageuka: anadai milioni 1.8 nzima ya gharama za pamoja, yaani shilingi 360,000 zisizo zake, na siku ya ukaguzi atatakiwa kueleza maharage ya Kasulu yalivuka ziwa lini.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hesabu ya kawaida ya kujipima hailioni kosa hili. Jumla ya safu itakubaliana na ripoti za Z za mashine ya EFD, na kodi ya mauzo itakubaliana pia, kwa sababu kuhamisha mauzo kutoka sifuri kwenda msamaha hakubadilishi namba yoyote kati ya hizo mbili. Mtu anaona hesabu zimefunga, anatuma ritani kabla ya tarehe 20, analala.

Kwa hiyo nakubaliana na mhasibu kuhusu safu, lakini nakubaliana na muulizaji kuhusu kaunta. Njia ya kuwapatanisha ni kutambua kwamba safu hizi mbili hazizaliwi mahali pamoja. Msamaha unatokana na bidhaa yenyewe: maharage ambayo hayajasindikwa yana msamaha mtu yeyote akiyanunua mjini. Hilo linawekwa mara moja kwenye orodha ya bidhaa, na kijana wa kaunta haamui chochote. Sifuri inatokana na safari ya mzigo, na safari huthibitishwa kwa karatasi: hati ya forodha ya kusafirisha nje na hati ya shehena ya chombo. Saruji ile ile ni ya asilimia 18 ikibaki Ujiji na ya sifuri ikifika Kalemie.

Hapo ndipo ninapomwekea muulizaji onyo. Mnunuzi kuwa Mkongomani au Mrundi hakufanyi mauzo kuwa ya nje. Akilipia dukani, akabeba mwenyewe hadi Kibirizi na kupanda boti, nawe huna hati yoyote, hayo ni mauzo ya mjini. Na kama umemuuzia milioni 30 bila kuongeza kodi, bei hiyo itahesabiwa kuwa na kodi ndani: takribani milioni 4.58 zitatoka kwenye faida yako.

Ndiyo maana mauzo ya nje yasiwekewe alama ya sifuri kaunta. Yaandikwe kama yanayosubiri, na ofisi iyahamishie sifuri namba ya hati ikishaandikwa kwenye mstari huo huo. Kwa anayetumia Eksel, safu D ikiwa aina ya mauzo na F namba ya hati, fomula hii huhesabu mistari ya sifuri isiyo na hati:

```
=COUNTIFS(D:D,"SIFURI",F:F,"")
```

Jibu likiwa tofauti na 0, ritani haiko tayari. Mzigo uliorudishwa nao uandikwe kwa alama ya kutoa katika safu ile ile ulikouzwa, la sivyo uwiano wa 80 kwa 100 unaharibika kimyakimya.

Kuna wafanyabiashara ambao safu ya tatu haitawapa kitu. Asiyeuza nje kabisa hana cha kutenganisha. Na ambaye mauzo yake yanayotozwa kodi yanazidi asilimia 90 ya mauzo yote, sheria inamruhusu kudai kodi ya manunuzi yote, kwa hiyo kilo chache za maharage hazimpunguzii. Ila uwiano huo hupimwa kila mwezi, na msimu wa mavuno duka la jumla la Kigoma linaweza kuvuka mpaka huo bila mwenye duka kubadilisha chochote zaidi ya kuuza magunia mengi kuliko mwezi uliopita.